Simu imepotea na misimbo ya kuingilia ilikuwa humo: jinsi misimbo mbadala inavyokurudisha kwenye akaunti

Dada mmoja ninayefanya naye kazi alipoteza simu Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi akaenda kurudisha laini, akapewa kadi mpya yenye namba yake ileile, akaiweka kwenye simu ya kuazima na kuanza kuingia kwenye akaunti yake ya Google. Nenosiri likakubaliwa. Kisha skrini ikamwomba tarakimu 6 kutoka kwenye programu ya Google Authenticator. Akaipakua programu hiyo upya, akaifungua, akaikuta tupu, haina akaunti hata moja ndani. Aliponipigia, sauti ilikuwa imeshamkauka, na swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Namba yangu si ninayo tena? Mbona ile misimbo haiji?"

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi sana, na karibu kila mara anayeuliza ameshapoteza nusu siku akihangaikia laini. Kwa hiyo nianze hapo, maana ukielewa kwa nini laini mpya haikusaidii, utaelewa pia kwa nini karatasi yenye tarakimu chache inaweza kukusaidia.

Siri ilikaa kwenye simu, haikukaa kwenye namba

Kumbuka siku ulipowasha uthibitishaji wa hatua mbili kwa kutumia programu. Kompyuta ilikuonyesha picha ya QR, ukaielekezea kamera, basi. Ndani ya picha ile mlikuwa na mfululizo wa herufi na tarakimu ambao ni siri kati ya akaunti yako na simu yako. Simu ikaihifadhi, na seva ya akaunti ikabaki na nakala yake. Tangu siku hiyo pande hizo mbili hazikuhitaji kuwasiliana tena kuhusu jambo hilo. Kila sekunde 30, simu huchukua ile siri, ikaichanganya na saa ya wakati huo na kupata tarakimu 6. Seva nayo hufanya hesabu ileile kwa nakala yake. Siri ni moja na saa ni moja, kwa hiyo jibu huwa moja. Kanuni hiyo iliandikwa rasmi mwaka 2011 katika waraka unaoitwa RFC 6238, na ndiyo maana programu hutoa misimbo hata simu ikiwa haina intaneti wala laini.

Namba ya simu haimo kabisa katika hesabu hiyo. Ukirudisha laini, unachorudisha ni uwezo wa kupokea simu na ujumbe mfupi. Kama akaunti yako ilikuwa na ujumbe mfupi kama njia mojawapo ya kuthibitisha, laini mpya itakuokoa mara moja, na huna haja ya kusoma zaidi. Lakini dada yule alikuwa ameiondoa namba yake kwenye njia hizo mwaka uliopita, baada ya kusikia kuwa matapeli huweza kuihamisha namba ya mtu kwenye kadi yao. Uamuzi wake haukuwa mbaya. Ila ulimaanisha kwamba njia pekee zilizobaki zilikuwa programu iliyokuwa kwenye simu iliyopotea, na misimbo mbadala.

Seva bado inayo nakala yake ya siri, lakini haitakuonyesha. Ile picha ya QR huonyeshwa mara moja tu, wakati wa kuunganisha. Kama ingekuwa rahisi kuiomba tena ukiwa nje ya akaunti, mwizi mwenye nenosiri lako naye angeiomba.

Misimbo mbadala ni kitu tofauti kabisa, ingawa watu wengi huichanganya na ile ya programu kwa sababu zote ni tarakimu. Haihesabiwi kwa saa wala haitokani na siri ya QR. Ni orodha ya tarakimu ambazo seva ilizichagua bila mpangilio wowote, ikakupa wewe nakala, na kwa upande wake ikaweka kumbukumbu ya ipi imeshatumika na ipi bado. Google hutoa 10 kwa mkupuo, kila mmoja una tarakimu 8. Haiishi muda kama ile ya sekunde 30. Uliyoihifadhi miaka mitatu iliyopita bado inafungua mlango leo, ilimradi hujaitumia na hujatengeneza orodha nyingine baada yake.

Watu wengine huwa na wasiwasi kwamba tarakimu 8 zisizobadilika ni rahisi kubahatisha. Hesabu yake si ngumu. Tarakimu 8 zina michanganyiko milioni 100, na kati ya hiyo 10 tu ndiyo iliyo hai kwenye akaunti yako. Anayebahatisha ana nafasi moja katika milioni 10 kwa kila jaribio, na mfumo humfungia baada ya majaribio machache. Tena lazima awe na nenosiri lako kwanza. Hatari ya kweli ya misimbo hii ni mtu kuisoma mahali ulipoiandika, au wewe mwenyewe kumtajia.

Kuitafuta

Dada yule aliniambia hana misimbo mbadala na hajawahi kuiona. Sikumwamini, na nilikuwa na sababu. Unapowasha uthibitishaji wa hatua mbili, au unapopitapita kwenye ukurasa wa usalama, ni rahisi sana kubofya kitufe cha kupakua na kusahau. Nikamwomba afungue kompyuta yake ya nyumbani, aende kwenye kisanduku cha kutafutia mafaili, aandike `Backup-codes`. Google hulipa faili hilo jina hilo likifuatiwa na jina la akaunti. Lilikuwepo, limelala kwenye folda ya `Downloads` kati ya risiti na picha za harusi. Alipolifungua aliona kitu chenye sura hii (tarakimu hizi nimezibuni):

```
 1. 4821 9036      6. 7750 1482
 2. 3397 6210      7. 1964 0873
 3. 8045 1729      8. 5512 3908
 4. 6273 4458      9. 2086 7741
 5. 9130 2567     10. 8439 6015
```

Chini ya tarakimu mna mistari michache ya maelezo, na kati yake umo mmoja unaotaja tarehe orodha ilipotengenezwa. Usiuruke mstari huo. Kama una mafaili mawili au karatasi mbili, ni ile ya karibuni tu inayofanya kazi, kwa sababu kila unapoomba orodha mpya, ile ya zamani hufa yote kwa pamoja, hata misimbo ambayo hukuigusa. Nimeshuhudia mtu akijaribu misimbo sita mfululizo kutoka kwenye karatasi aliyoitunza kwa uangalifu mkubwa, kumbe alikwishatengeneza nyingine miezi michache baadaye na kuisahau kwenye droo.

Angalia pia jina la akaunti kwenye jina la faili. Mwenye akaunti mbili za Google ana orodha mbili, na msimbo wa moja haufungui nyingine.

Kama huoni kitu kwenye kompyuta, pita kwenye sehemu nyingine ambako ungeweza kuiweka misimbo hiyo: programu ya kutunzia nywila, daftari, bahasha ya vyeti, picha ya skrini uliyowahi kumtumia mwenzio au ndugu. Wengi wetu hupiga picha ya skrini na kuiacha kwenye simu ileile. Picha hiyo imepotea pamoja na simu, isipokuwa kama ilikuwa inahifadhiwa mtandaoni kwenye akaunti nyingine ambayo bado unaingia.

Kuingia

Hatua hii ni fupi, lakini ina mtego mmoja mwanzoni. Ukishaandika nenosiri, Google mara nyingi haikuulizi msimbo moja kwa moja. Hutuma arifa kwenye simu yako iliyopotea na kukuambia uifungue ubonyeze ndiyo. Skrini inakaa hapo ikisubiri, na mtu hudhani ndiyo mwisho wa safari. Siyo. Chini yake mna maandishi `Try another way`. Ukitumia Google kwa Kiswahili utaona "Jaribu njia nyingine". Ukibofya hapo inatokea orodha ya njia zote zilizosajiliwa kwenye akaunti yako, na mojawapo ni ya kuandika msimbo mbadala wa tarakimu 8.

Bofya hiyo kwanza ndipo uandike. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuandika msimbo mbadala kwenye kisanduku kinachosubiri tarakimu 6 za programu. Hazitoshi humo, au zinakataliwa, naye anahitimisha kuwa karatasi yake imeharibika. Hesabu tarakimu ambazo skrini inataka. Kama inataka 6, uko mahali pasipo penyewe.

Nafasi iliyo katikati ya tarakimu nne na nne ipo kwa ajili ya macho tu, huna haja ya kuiandika. Dada yule aliandika msimbo wa kwanza, 48219036 kwa mfano wetu, na akaunti ikafunguka. Nikamwambia achukue kalamu aukate msimbo huo kwenye karatasi palepale, maana umeshakufa. Ukiujaribu tena kesho utakataliwa, na utaanza kuogopa bure.

Usikimbilie kujaribu mingi kwa haraka ukikataliwa. Rudi uangalie kama nenosiri, akaunti na tarehe ya orodha vinalingana. Majaribio mengi yenye makosa huufanya mfumo ukufungie kwa muda, na katika muda huo hata msimbo sahihi haupiti.

Uko ndani, lakini bado huna ufunguo

Sehemu hii ndiyo ninayotaka isomwe polepole. Ukifunguliwa, unapumua, unasoma barua pepe zako, unajibu watu, kisha unafunga kompyuta. Wengi hufanya hivyo. Lakini ulichofanya ni kuingia mara moja tu. Simu iliyopotea bado imeunganishwa na akaunti yako. Programu iliyo ndani yake bado inatoa misimbo halali kila sekunde 30. Na wewe bado huna njia ya kuingia tena zaidi ya misimbo tisa iliyobaki. Kwa hiyo usifunge ukurasa. Kaa hapohapo ufanye mambo matatu, kwa mpangilio huu.

La kwanza ni kuikata simu ya zamani. Nenda `myaccount.google.com`, ingia sehemu ya usalama, utafute orodha ya vifaa vyako. Utaona kompyuta uliyokalia, na utaiona simu iliyopotea kwa jina lake la modeli, pamoja na mara ya mwisho ilipotumika. Ichague, kisha ubofye `Sign out`. Dada yule aliiona simu yake ikiwa imetumika saa tatu zilizopita, wakati yeye alikuwa ameipoteza tangu jana yake. Alinyamaza kidogo kabla ya kubofya. Huenda zilikuwa programu zinazojiendesha zenyewe, huenda kuna mtu aliyekuwa anaishika. Kwa vyovyote vile, ikatolewa.

Kama simu ni ya Android na unataka kuifunga au kuifuta kwa mbali, ukurasa wa kuitafuta uko `android.com/find`, nao unahitaji uwe umeingia kwenye akaunti hiyohiyo. Fanya hivyo kabla ya kuiondoa kwenye orodha ya vifaa, kwa sababu ukishaitoa kwenye akaunti huwezi kuitegemea kuonekana tena kwenye ukurasa huo. Ukiamua kuifuta kabisa, hutaiona tena ilipo. Kwa hiyo kama bado una matumaini ya kuipata, anza kwa kuifunga.

La pili ni kubadilisha ile siri ya QR. Kwenye ukurasa wa uthibitishaji wa hatua mbili, fungua sehemu iliyoandikwa `Authenticator`, uchague kubadilisha programu. Utaonyeshwa picha mpya ya QR, yaani siri mpya. Ielekezee kamera ya simu mpya kwenye programu ya misimbo, andika tarakimu 6 zinazotokea ili kuthibitisha, na kuanzia hapo siri ya zamani haina kazi tena. Programu iliyo kwenye simu iliyopotea itaendelea kuonyesha tarakimu, kwa sababu haijui kilichotokea, lakini seva haitazikubali. Tarakimu za simu mpya zikikataliwa wakati wa kuthibitisha, tazama saa ya simu kabla ya kitu kingine. Simu ya kuazima yenye saa iliyowekwa kwa mkono na kupishana kwa dakika kadhaa itatoa majibu yasiyolingana na ya seva. Weka saa ijipange yenyewe kwa mtandao, kisha ujaribu tena.

La tatu ni kutengeneza orodha mpya ya misimbo mbadala, kwenye ukurasa huohuo, sehemu ya `Backup codes`. Wengine huniuliza kwa nini, ilhali misimbo tisa bado ipo. Ukiwa na uhakika kwamba orodha ile hakuna mwingine aliyeiona, unaweza kuiacha. Lakini ikiwa kuna uwezekano hata mdogo kwamba picha yake ilikuwa kwenye simu iliyopotea, ibadilishe leo. Ukishabofya kuomba mipya, ya zamani yote inakufa, kwa hiyo hakikisha umeichapa au kuiandika hii mipya kabla ya kufunga ukurasa, halafu uchane karatasi ya zamani. Karatasi mbili zinazofanana sura ndizo zitakazokuchanganya siku nyingine.

Katikati ya shughuli hizi usishangae kuulizwa tena nenosiri, au hata msimbo mwingine mbadala, maana kurasa za usalama hulindwa zaidi ya barua pepe. Ndiyo sababu mtu mwenye msimbo mmoja tu uliobaki anapaswa kuutumia akiwa ametulia, simu mpya ikiwa mezani, programu ya misimbo imeshapakuliwa, na muda wa kutosha. Ukiutumia ukiwa kwenye kompyuta ya kuazima na unakaribia kuondoka, unaweza kujikuta nje tena mikono mitupu.

Jambo moja dogo kuhusu namba ya simu. Ukiibadilisha namba ya kurejesha akaunti, Google inaweza kuendelea kukubali namba ya zamani kwa siku 7. Kwa hiyo kama simu iliibiwa ikiwa na laini yake, kuifungia laini kwa kampuni ya simu ni kazi ya saa ya kwanza, usiingoje mpaka umalize mambo ya akaunti.

Kama karatasi haipo

Kabla ya kukata tamaa, jiulize kama kuna kompyuta au tableti yoyote ambako akaunti yako bado imefunguliwa. Ya kazini, ya nyumbani, ya mtoto. Kama ipo, usibofye kutoka na usifute historia ya kivinjari, kwa sababu kivinjari hicho ndicho kinachokujua. Ulipoingia humo zamani huenda uliacha alama kwenye kisanduku cha `Don't ask again on this device`, na kivinjari hicho mara nyingi kitakuomba nenosiri tu unapofungua ukurasa wa usalama. Ukiingia hapo unaweza kuomba misimbo mbadala mipya papo hapo na kuendelea kama nilivyoeleza. Watu wamepoteza akaunti kwa kuondoka kwenye kompyuta ya mwisho iliyokuwa imebaki ndani, wakidhani kuanza upya kutasaidia.

Kama hata hiyo haipo, kuna `g.co/recover`. Fanya ombi ukiwa kwenye kompyuta unayoitumia siku zote, kwenye mtandao wa intaneti unaoutumia siku zote, maana mfumo hupima kama mazingira hayo unayazoea. Jibu linaweza kuchukua siku kadhaa, na linaweza kuwa hapana.

Msimbo mbadala pia una mpaka wake: unachukua nafasi ya hatua ya pili, hauchukui nafasi ya nenosiri. Kama nenosiri nalo lilikuwa limehifadhiwa kwenye simu na hulikumbuki, msimbo peke yake hauna pa kuandikwa. Hapo unarudi kwenye ukurasa wa kurejesha akaunti.

Katika wakati huu wa kuhangaika, watatokea watu. Ukiandika mahali popote mtandaoni kwamba umefungiwa nje, watakuja wanaojiita mafundi wa kurejesha akaunti. Watakuomba malipo, au watakuomba msimbo mmoja mbadala "wakuthibitishe". Mwingine atakupigia simu akisema anatoka Google. Hakuna mfanyakazi halali anayehitaji msimbo wako, kwa sababu kazi pekee ya msimbo ni kumwingiza mtu kwenye akaunti. Ukimtajia mtu msimbo, umemwingiza yeye.

Akaunti nyingine zilizokuwa kwenye programu ileile

Dada yule alipomaliza na Google, alikumbuka kwamba programu yake ilikuwa na akaunti nyingine tano. Hapa alikuwa na bahati. Tangu Aprili 2023, Google Authenticator inaweza kuhifadhi siri zake kwenye akaunti ya Google ya mwenye simu, na yeye alikuwa ameiruhusu bila kutambua. Alipoingia kwenye programu ya simu mpya kwa akaunti yake ya Google, zile tano zikajitokeza moja baada ya nyingine, kila moja na tarakimu zake zinazobadilika. Kumbe kilichokuwa kimeizuia kujaa asubuhi ile ni kwamba alikuwa hajaingia. Ndiyo maana mimi humshauri mtu aanze na akaunti ya Google kabla ya nyingine zote ikiwa programu yake ni hiyo. Lakini hata zikirudi hivyo, siri ni zilezile zilizokuwa kwenye simu iliyopotea, kwa hiyo kila akaunti inahitaji kuunganishwa upya kwa picha mpya ya QR.

Asiyekuwa na hifadhi hiyo atalazimika kupita mlango kwa mlango, na kila mlango una misimbo yake. Sura hutofautiana. GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, hutoa misimbo 16 yenye herufi na tarakimu, ndani ya faili liitwalo `github-recovery-codes.txt`. Microsoft hukupa msimbo mmoja tu wenye herufi na tarakimu 25. Tafuta majina hayo kwenye kompyuta kama ulivyotafuta lile la Google. Neno `recovery` peke yake linatosha kuyafichua mengi.

Ukali wao nao hutofautiana. GitHub wameandika wazi kwamba ukipoteza njia zote za uthibitishaji pamoja na njia za kurejesha akaunti, idara yao ya msaada haitakurudishia akaunti yenye uthibitishaji wa hatua mbili. Kwa mwenye kazi yake ya miaka huko, faili lile dogo ndilo lenye mamlaka ya mwisho.

Kuhusu pa kuweka orodha mpya, dada yule alitaka kujitumia kwa barua pepe. Nilimzuia, kwa sababu barua pepe hiyo iko ndani ya akaunti ambayo misimbo inatakiwa kuifungua. Akaichapa kwenye karatasi mbili. Juu ya kila moja akaandika jina la akaunti na tarehe kwa mkono, na hakuandika nenosiri popote karibu yake. Moja akaiweka kwenye bahasha ya vyeti vyake, ya pili akampelekea mama yake aiweke pamoja na hati za nyumba. Mama aliuliza ni namba za nini, akaambiwa ni za kufungulia barua pepe simu ikipotea, na kwamba akipigiwa na mtu yeyote mwingine akiziulizia, akate simu.

Faili la zamani kwenye `Downloads` alilifuta jioni hiyohiyo, na kwenye pipa la taka la kompyuta akaliondoa pia.